Ukaribu katika Nyumba ya Mfiwa

Mtu akifiwa na mzazi wake, watu humjia yeye kumpa pole, na hiyo ndiyo haki. Lakini kama mfiwa ana mume au mke, yupo mtu wa pili ambaye msiba umemwingilia nyumbani bila kubisha hodi. Mtu huyu hakufiwa na mzazi. Huenda wazazi wake mwenyewe wangali hai na wazima. Hata hivyo maisha yake yamegeuka tangu siku ile ile ya tanzia. Mwenzi aliyemzoea kwa mazungumzo amekuwa mkimya. Aliyekuwa akimkuta nyumbani kila jioni yuko mbali. Aliyekuwa mpole ameingiwa na ukali usiojulikana ulikotoka. Katika insha hii nataka kulichungua swali la mtu huyo wa pili. Afanye nini ili abaki karibu na mwenzi ambaye huzuni imemchukua? Na je, katika siku hizo ana haki ya kudai lolote kwa nafsi yake, au wajibu wake ni kutoa tu?

Yamkini msomaji ataona kuwa desturi zetu zimekwisha kulijibu swali hili zamani. Ni kweli kwamba hatuna upungufu wa adabu za msiba. Katika mwambao jamvi hutandikwa nje kwa wanaume na ndani kwa wanawake, ubani hutolewa, hitima husomwa, na siku ya tatu matanga huondolewa. Lakini tukizitazama adabu hizi kwa makini tutaona kuwa zinamhudumia mfiwa mbele ya watu, si mfiwa mbele ya mwenzi wake. Tena katika siku hizo tatu mume na mke hawapati hata nafasi ya kusemezana: mmoja yumo ndani pamoja na wanawake, mwingine yuko nje akipokea wageni na kuhangaikia chakula na usafiri. Jamvi linapokunjwa na wageni wanapokwenda zao, ndipo wawili hawa wanapokutana na msiba wenyewe kwa mara ya kwanza. Na kwa saa hiyo desturi haina maneno mengi ya kuwaambia.

Jambo la kwanza linalowatatiza ni hesabu ya siku. Kwa sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na wengi katika mwambao, mwanamke aliyefiwa na mumewe, akiwa hana mimba, hukaa eda ya miezi minne na siku kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, yaani yapata siku 128. Watu wengine wa marehemu, hata mtoto wake wa kuzaa, wamewekewa siku tatu za kuonyesha maombolezo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, nayo humpa mwajiriwa aliyefiwa na mzazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo. Mwenye haraka huzisoma hesabu hizi kana kwamba zimepima uchungu, akadhani kuwa binti aliyefiwa na baba anatakiwa awe amepona siku ya tano. Hilo silo lililokusudiwa. Siku tatu zinahusu mambo ya nje, kama vile kuacha mapambo. Na siku nne zinahusu kazi ya mwajiri. Moyo haukuwekewa tarehe na sheria yoyote kati ya hizi mbili, kwa sababu moyo hauna namna ya kuitii tarehe. Tena mtu wa pili hakutajwa kabisa. Orodha ya jamaa katika sheria hiyo ya kazi ina mwenzi, mzazi, babu na bibi, mtoto, mjukuu na ndugu, mkwe hayumo.

Ili maneno haya yasibaki hewani, nitatwaa mfano wa nyumba moja ya Tanga, ambayo sitaitajia majina. Mume ni mhasibu katika kampuni moja. Mke ni fundi cherehani, ana kibanda chake mwenyewe. Wana watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka minne. Baba wa mke alifariki dunia kwao Pangani baada ya kuugua kiharusi, akaacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke, akiwa ndiye binti mkubwa, alikwenda siku ile ile na mtoto mdogo mgongoni. Mume alitoa siku mbili katika likizo yake ya mwaka, akazika pamoja na wenzake, akarudi kazini na mtoto mkubwa asikose shule. Mke alibaki Pangani, maana mama yake alikuwa ameingia eda, na mjane wa umri ule haachwi peke yake katika nyumba ambamo kila kiti kina mwenyewe asiyekuwapo.

Basi hapo ndipo mtihani wa mume ulipoanza. Alikuwa akipiga simu kila usiku, na kila usiku alimaliza kwa swali moja: "Utarudi lini?" Kwa upande wake swali lile lilikuwa ni mapenzi matupu. Alikuwa akimwambia mkewe kwa njia ya mzunguko kwamba nyumba ni baridi bila yeye. Lakini neno halifiki lilivyotoka, hufika lilivyosikiwa. Mke alisikia deni. Alisikia kuwa yupo mtu mwingine anayemngoja, naye hana cha kumpa. Majibu yakawa mafupi, kisha simu ikawa inalia bila kupokewa. Mume akaanza kujihesabu kuwa amesahauliwa, akaukumbuka ule msemo kwamba asiyekuwepo na lake halipo, akaona kuwa katika moyo wa mkewe asiyekuwepo sasa ni yeye.

Aliyemwokoa ni dada yake mkubwa, mwanamke aliyekuwa amezika wazazi wote wawili. Alimwambia, "Mdogo wangu, usimwulize siku. Mpe habari." Neno hili ni dogo, lakini lina elimu kubwa ndani yake. Mfiwa ameishiwa na nguvu ya kuamua. Kutwa nzima anaulizwa: chakula cha wageni kiasi gani, nani apewe nguo za marehemu, nani aitwe kwa arobaini, deni la fulani lilipwe kwanza au la. Kila swali ni kazi nyingine juu ya kazi. Habari, kwa upande mwingine, ni kitu ambacho mtu anaweza kukipokea amelala. Tangu siku ile mume aliacha kuuliza. Kila usiku baada ya isha aliandika maneno machache katika simu: "Mama watoto, mkubwa amekula wali na maharage, hesabu zake amezimaliza. Cherehani yako nimeifunika vumbi lisiingie. Usihangaike kujibu." Na kila Jumamosi alipanda basi la Pangani pamoja na mtoto, akalala usiku mmoja, akarudi Jumapili. Huko hakumtafuta mkewe faraghani amhoji hali ya moyo wake. Alichota maji, alibadilisha makuti yaliyooza katika paa la jiko, alimtafutia mama mkwe dawa zake za shinikizo la damu. Katika wiki ya nne jibu la kwanza likaja, nalo lilikuwa swali: "Cherehani umeifunika kwa kitambaa gani?"

Msomaji anaweza kucheka, lakini mimi naliona swali hilo kuwa ni mlango uliofunguliwa. Mke aliweza kuuliza kwa sababu hakuulizwa. Tunajifunza hapa kuwa kutokuwapo kwa mfiwa hakuponywi kwa kumvuta arudi, bali kwa kumfanya aone kuwa mahali pake pangalipo. Ule msemo wetu ni wa kweli katika baraza na katika shirika la biashara. Katika ndoa lazima ugeuzwe: asiyekuwepo, lake lipo, na yule aliyepo ndiye mlinzi wake.

Eda ilipokwisha mke alirudi Tanga, na mume, kama wanaume wengi, alidhani kuwa mambo yamekwisha pamoja nayo. Hapo akakutana na jambo la pili, ambalo ni gumu kuliko la kwanza, maana safari huweza kuhesabiwa kwa siku, lakini kimya cha mtu aliye chumba kimoja nawe hakihesabiki. Jioni moja alimkuta mkewe kibarazani akisukwa nywele na jirani, anacheka hadi machozi yanamtoka. Mume akafurahi. Lakini jirani alipoondoka na mume akaketi, kicheko kikakatika kama taa iliyozimwa, na mke akaingia ndani kulala kabla ya magharibi. Mume alikaa pale akijiuliza swali ambalo limevunja nyumba nyingi: "Kumbe kucheka anaweza, ila si pamoja nami?"

Swali hilo lina kosa ndani yake, nalo ni kudhani kuwa huzuni ya mwenzi ni barua iliyoandikwa kwa jina lako. Wataalamu wawili waliofanya kazi Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, waliandika mwaka 1999 juu ya jinsi mfiwa anavyokwenda na kurudi baina ya mambo mawili. Mara huuelekea msiba wenyewe, akalia, akakumbuka, akatamani. Mara huuacha, akayaelekea maisha yaliyobaki, akapika, akafanya kazi, akacheka. Walisema kuwa kwenda na kurudi huku si ugeugeu, bali ndiyo njia yenyewe ya kuuvuka msiba. Mtu akikaa upande mmoja tu, iwe ni kulia tu au kujifanya hakuna kilichotokea, ndipo penye hatari. Watu wa mwambao hawahitaji kufundishwa sana jambo hili, kwa kuwa wanaliona baharini kila siku. Maji hujaa na maji hupwa. Yapo ya bamvua na yapo mafu. Na hakuna mvuvi aliyegombana na maji kupwa kwa kudhani kuwa bahari imemchukia.

Tena ipo sababu ya mfiwa kucheka na jirani na kunyamaza na mwenzi. Mbele ya jirani mtu hujikaza. Hujibeba vizuri, na kule kujibeba humpumzisha kwa muda, kama vazi zuri linavyomsahaulisha mtu uchovu. Anapofika kwa mwenzi wake huutua mzigo, na anayetuliwa mzigo mbele yake huona uzito wake. Basi kile ambacho mume alikiona kuwa ni kunyimwa kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ni kuaminiwa. Sisemi kuwa jambo hili linapendeza. Nasema kuwa maana yake si ile aliyoifikiri.

Basi afanye nini mtu katika saa za maji kupwa? Mume huyu aligundua mambo mawili. La kwanza ni kuwa kupwa kule kulikuwa na nyakati zake. Alipoangalia kwa wiki kadhaa aliona kuwa Ijumaa jioni ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu Ijumaa jioni ndipo marehemu alipokuwa akimpigia binti yake simu. Namba ya mzee yule ilikuwa ingali katika simu ya mke, na siku moja alipoigusa kwa kujisahau ikapokewa na kijana asiyemjua. Kampuni ya simu ilikuwa imeitoa kwa mtu mwingine. Usiku ule mke hakula. Mtu asiyejua sababu angesema, "Amerudi nyuma, na alikwisha anza kupona." Aliyejua alisema, "Leo amefiwa mara ya pili," akamletea uji, akaketi karibu naye akiwa na madaftari yake ya hesabu, asiseme neno. Hakumwuliza "Una nini?", maana alichokuwa nacho alikijua.

Jambo la pili aliloligundua ni kuwa marehemu lazima atajwe. Watu wengi humlinda mfiwa kwa kulificha jina la marehemu, kana kwamba wasipolitaja hatalikumbuka. Lakini huwezi kumkumbusha mtu jambo ambalo hajalisahau. Unachofanya kwa kunyamaza ni kumwachia alikumbuke peke yake. Mwaka 1996 Dennis Klass na wenzake wawili walitoa kitabu kilichoipinga fikira iliyotawala kwa muda mrefu, kwamba mfiwa mzima ni yule aliyekata kamba iliyomfunga na marehemu. Walionyesha kuwa watu wengi hawaikati kamba hiyo. Huibadilisha tu, wakaendelea kuishi vizuri. Sisi tunaosoma hitima kila mwaka na kuwapa wajukuu majina ya babu zao tulilijua hili kwa matendo. Mume akaanza kusema mezani, "Samaki huyu baba angemsifu," au kuwasimulia watoto jinsi mzee alivyomfundisha kusuka wavu, akacheka alipoona vidole vya mhasibu vimeshikana kama vya mtoto. Mara ya kwanza mke alilia. Mara ya tatu aliongeza kisa chake. Na katika kusimulia, mume naye aliona kitu ambacho hakukijua: kwamba alikuwa akimlilia mzee yule kwa haki yake mwenyewe, ila hakuna mtu aliyemtandikia jamvi.

Nimetaja kutokuwapo na kimya, imebaki hasira. Katika mwezi wa sita mirathi iligawanywa. Baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi, mali ilikuwa ni nyumba na minazi 80. Mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Sehemu saba zilizobaki, kwa kuwa mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti, ziligawanyika sawasawa: kila mwana wa kiume sehemu mbili, kila binti moja. Kwa minazi, basi, mama alipata kumi, kila binti kumi, na kila kaka ishirini. Juu ya hesabu hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya nyumba, kwa kuwa kaka mmoja alitaka iuzwe kila mtu achukue fungu lake, na mama angali akiishi ndani yake. Mke alirudi kutoka kikao cha Pangani usiku, akamkuta mumewe amemwaga sukari jikoni na hakuifagia, akamwambia maneno ambayo hajapata kumwambia tangu waoane.

Hapa subira tupu haitoshi, na kujibu kwa ukali hakufai. Panahitajika kupambanua. Hasira ya mfiwa aghalabu ina mlengwa wake mahali pengine: kwa daktari aliyechelewa, kwa ndugu, kwa marehemu mwenyewe aliyekufa bila kuandika wosia, au kwa nafsi ya mfiwa inayojilaumu kuwa haikwenda kumtazama mgonjwa mapema. Dalili yake ni kwamba ukubwa wa maneno haulingani na ukubwa wa kosa. Kijiko cha sukari hakistahili kutajiwa miaka kumi ya ndoa. Mume alingoja hadi asubuhi, akauliza kwa utulivu, "Hasira ya jana ilikuwa yangu, au ilikuwa ya Pangani?" Mke akakaa kimya kidogo, akasema, "Ya Pangani. Lakini sukari ilikuwa yako." Tangu siku hiyo wakawa na neno lao. Mke akiona amechafuka husema, "Leo nina ya Pangani," na mume hujua kuwa hapaswi kujitetea. Katika shauri la nyumba lenyewe hakutia mkono, kwa kuwa mkwe anayeingia katika mirathi ya wakwe zake huongeza moto. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza mkewe usiku, ili aende kikaoni akiwa ameyapanga maneno yake.

Sasa narudi kwenye swali la haki. Wapo wanaosema kuwa mwenzi wa mfiwa hana haki ya kudai kitu mpaka huzuni iishe. Kauli hii inaonekana ya wema, lakini ina mtego. Mtu anayejinyima kila kitu kimya kimya hafuti deni. Analiweka akibani, na siku atakapolitoa litakuwa na riba. Miaka miwili baadaye, katika ugomvi wa jambo jingine kabisa, atasema, "Na wakati wa msiba wa baba yako nilikuvumilia," na neno hilo litaharibu wema wote uliotangulia. Wapo pia wanaosema kuwa ndoa ni ndoa, na haki zake hazisimami kwa msiba. Hawa nao wanamtaka mfiwa alipe kwa sarafu ambayo hana mfukoni.

Mimi naona kuwa mpaka uko hapa: mtu wa pili hana haki ya kuiwekea huzuni ya mwenzake tarehe ya mwisho, lakini ana haki ya kubaki mtu katika nyumba ile, mwenye upweke na haja zake, na mwenye ulimi wa kuzisema. Lililobaki ni namna ya kusema. Haja isemwe ikiwa ndogo, isemwe wakati wa maji kujaa, na iwe ni jambo linaloweza kukataliwa bila adhabu. "Umenisahau kabisa" ni shtaka, na mshtakiwa hujitetea au hukimbia. "Jumapili jioni twende Raskazone tutembee nusu saa; ukichoka tutarudi" ni haja yenye mwanzo na mwisho. Hata katika mambo ya unyumba kanuni ni hiyo hiyo. Mwili wa mfiwa mara nyingi hukataa furaha kwa kuiona kama khiana kwa marehemu, na mara nyingine huitafuta kwa ghafla. Yote mawili si ajabu. Atakayeweza kuushika mkono wa mwenzi wake bila mkono ule kuwa dai la kitu kingine, atakuta kuwa mkono haukimbiwi. Na malalamiko ambayo hayana budi kutoka, yatoke nje kwa mtu asiyefiwa: mume wa Tanga aliyapeleka kwa dada yake, wala hakuyapeleka Pangani, ambako yangekuwa msiba juu ya msiba.

Lakini haya yote yana kikomo, na ni wajibu kukitaja. Ipo huzuni ambayo imekuwa ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inautambua ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu pale ambapo miezi sita au zaidi imepita, uchungu ungali mkali kila siku, maisha yamesimama, na hali imepita kiasi cha desturi ya watu wake. Madaktari wa akili wa Marekani, katika kitabu chao cha mwaka huo huo, wamengoja miezi 12 kwa mtu mzima. Tofauti hiyo ya miezi inatuonyesha kuwa hata wataalamu hawana mizani kamili. Kwa mtu wa nyumbani dalili ni ile ya bahari: maji yakipwa yakarudi, hata kidogo, hata kwa kuchelewa, mwache mwenzi wako katika njia yake. Yakipwa kwa miezi yasirudi kamwe, mtu asiweze kula wala kulala wala kuwatazama watoto, hapo mapenzi peke yake si dawa, na kumpeleka hospitali ndiko kuwa karibu naye. Na akitamka kuwa anataka kumfuata marehemu, miezi isihesabiwe. Aende siku hiyo hiyo. Kadhalika huzuni si kibali cha kupiga, kutukana kila siku au kuwatupa watoto. Anayevumilia hayo hamsaidii mfiwa; anamsaidia kupotea.

Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nadhani kosa kubwa la watu wanaopendana ni kutaka kulikanusha neno hili. Kutaka waingizwe ndani ya uchungu wa mwenzao, wauone kama anavyouona, na kuudhika mlango unapofungwa. Hakuna awezaye kuingia humo, hata ndugu waliozaliwa na marehemu huyo huyo, kwa kuwa kila mtoto amefiwa na baba wake tofauti. Ukaribu unaowezekana ni wa namna nyingine: kuwa mahali panapojulikana, ili mwenzako, kila maji yanapojaa, akukute pale pale alipokuacha.

Na hesabu moja imebaki. Kila ndoa huanza na wazazi wanne. Mambo yakienda kwa mpango wa kawaida, yaani watoto wawazike wazazi, mume na mke wataupita mlango huu mara nne, mara mbili kila mmoja akiwa mfiwa, na mara mbili akiwa mtu wa pili. Wengine walikwisha upita kabla ya kuoana, na wengine hawapewi umri wa kuumaliza. Lakini mume wa Tanga ana baba na mama, wote wazee, na usiku simu yake inapolia mkewe huwa wa kwanza kuinua kichwa.